Umeacha Kazi Mbaya, Lakini Woga Umekufuata

Mukae muzuri. Mwenye mutoto analia amunyonyeshe, hakuna mutu atakasirika. Siku zingine tulisema juu ya kuhara na juu ya chandarua. Leo tutasema juu ya shida moja ambayo hatuwezi kuiona hata tukitoboa kidole na kupeleka damu kwa laboratwari. Ni ule woga ambao mutu anatoka nao katika kazi mbaya, anaingia nao katika kazi mupya, hata kama kule kupya hakuna mutu anayemutesa.

Pengine utauliza: jambo hili linahusu kilo ya mutoto namna gani? Nitakueleza kwa habari ya mama mumoja wa hapa Bukavu. Yeye mwenyewe alikubali tuieleze, lakini hatutataja jina lake wala la watu aliowatumikia.

Mama huyu alikuja siku ya kupima watoto. Mutoto wake, kijana, alikuwa na miezi sita. Tukatazama karti: kwa mwezi wa ine alikuwa na kilo 6.2, kwa mwezi wa tano kilo 6.3, na siku ile tena kilo 6.3. Ninyi munajua kusoma karti: mustari unapashwa kupanda. Wake ulilala kama barabara ya uwanjani. Tukamuuliza, mutoto ameharisha? Hapana. Amekuwa na homa? Hapana. Akasema: “Maziwa yangu imekauka, mama. Mama mukwe anamupatiaka maji ya sukari juu asilie.”

Tukamwomba amunyonyeshe mbele yetu. Mutoto alikamata ziwa muzuri, akavuta, akaacha, akalia. Mama alikuwa amekaza mabega yake karibu yafike masikio. Macho yake yalikuwa mulangoni. Kila mara mulango ulipofunguliwa, alishituka. Muuguzi akamupa kiti chenye kuegemea, akamugeuza aangalie ukuta, akaanza kumuuliza habari za kwao, za shamba, za dada zake. Baada ya dakika kama kumi hivi, ziwa lingine ambalo mutoto hanyonyi likaanza kudondoka lenyewe. Mutoto akameza, tukasikia sauti ya kumeza. Kumbe maziwa yalikuwamo.

Hapa nataka musikilize sana. Katika kunyonyesha kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kutengeneza maziwa, ya pili ni kuyaachilia yatoke. Mutoto akivuta, habari inapanda kwa ubongo, na ubongo unatuma kwa damu dawa yake ambayo inakamua ziwa toka ndani. Mama akiwa na woga ao hasira nyingi, ile dawa inachelewa. Maziwa yapo, lakini mulango umefungwa. Mutoto anakasirika, mama anasema “yamekauka”, mutu mwingine analeta maji ya sukari, mutoto anashiba maji na havuti tena. Ziwa lisilovutwa siku nyingi ndilo linaanza kupunguza maziwa kweli. Basi uongo wa kwanza unageuka kweli.

Lakini kwa nini mama huyu aliogopa mulango? Tulimuuliza, naye akatueleza pole pole. Siku ile hakusema yote.

Alikuwa ametumika miaka mitatu kwa mahali pa kushona nguo. Mukubwa wa kazi alitembea na funguo nyingi kiunoni. Ukisikia funguo zinalia, ujue anakuja. Siku ya mushahara alikata faranga: mara vifungo vimepotea, mara kitambaa kimepunguka. Hakuonyesha hesabu. Aliyeuliza alitukanwa mbele ya wote. Zaidi ya hapo, aliwaita wafanyakazi mumoja mumoja, akawauliza wengine wanasema nini. Aliyeleta maneno, mushahara wake haukukatwa. Kwa hiyo wale waliokaa bega kwa bega na mashine zao hawakuweza kuaminiana. Mama yetu aliwahi kumweleza rafiki yake kama ana mimba. Kesho yake mukubwa alijua. Alimwambia mbele ya watu: mwenye tumbo hana mikono.

Akavumilia mpaka akazaa. Halafu akaacha. Mutoto alipofika miezi mitatu, akapata kazi kwa ateliye ingine inayoshona nguo za masomo, zile shemizi nyeupe na jipu za buluu. Huko mwenye kazi ni mama mumoja, wanamwita Madamu. Analipa siku ya mwisho wa mwezi bila kukata bila sababu. Wafanyakazi wanakula pamoja saa sita. Kila mutu wa nyumbani alimwambia: “Sasa umepona.”

Hakupona. Na yeye mwenyewe hakujua kwa nini. Kule kwa Madamu, depo ya vitambaa inafungwa, na Madamu ana funguo zake mukononi. Mara ya kwanza zilipolia, mama huyu alitoboa kidole chake kwa sindano ya mashine.

Aliendelea kufanya kama yuko kule kwa zamani. Alihesabu vifungo mara tatu kabla ya kuanza na mara tatu kisha kumaliza. Alificha mabaki ya vitambaa ndani ya mufuko, eti siku moja wakimushitaki ataonyesha. (Fikiri kidogo: wangeyakuta yale mabaki ndani ya mufuko wake, wangesema nini?) Alikataa kula sahani moja na wengine, akiogopa sumu. Wawili wakicheka karibu ya mulango, alijua wanamucheka yeye. Madamu akisema tu “Mama, kuya kidogo”, moyo ulipiga, mikono ikatoka jasho, na njiani akatayarisha maneno ya kujitetea. Mara nyingi Madamu alitaka tu kumuuliza kipimo cha shingo ya shemizi.

Kuna jambo lingine hakutaka kutuambia, akatuambia mara ya tatu. Katika ateliye ile kulikuwa na binti anayejifunza kushona. Siku moja makasi yake mama ilipotea. Akamwita binti mwizi, kwa sauti kubwa, mbele ya wote, akamwaga mufuko wake chini. Makasi ilikuwa chini ya mabaki ya kitambaa, pale pale kwa mashine yake. Binti alilia, siku mbili hakuja. Mama akatuambia: “Nilisikia sauti yangu, nikasema, hii sauti ni ya ule mukubwa.” Pale ndipo alilia kwa mara ya kwanza mbele yetu.

Watu wa nyumbani walikuwa na sababu zao. Mama mukwe alisema kuna mutu amemutupia kitu. Bwana yake alisema ni kiburi. Sisi hatumucheki mama mukwe. Aliona kama mwana wake hayuko sawa, na katika hilo hakukosea. Lakini sababu ilikuwa karibu zaidi.

Mwili una kengele yake. Juu ya kila figo kuna kitu kidogo kama kofia. Ukikutana na nyoka njiani, ile kofia inamwaga dawa kwa damu: moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi, mikono inakaza, tumbo linafunga. Hiyo ni akili nzuri ya mwili, inakusaidia kukimbia. Na ubongo unaandika alama zilizokuwepo siku ile: sauti, harufu, namna ya kutembea ya mutu. Kuandika ni haraka, kufuta ni polepole. Kwa miaka mitatu funguo zililia, kisha matusi yakafuata. Mwili ukajua: funguo ni nyoka. Kubadilisha nyumba ya kazi hakubadilishi hayo. Masikio ni yale yale.

Sasa angalia mutego ulio ndani. Mama alipohesabu vifungo mara tatu, alitulia kidogo. Ubongo wake ukasema: unaona, nimepona kwa sababu nimehesabu. Kesho akahesabu tena. Hakupata nafasi ya kuona kama angehesabu mara moja tu, hakuna kitu kingempata. Vile vile na sahani: alipokaa mbali, hakusikia watu wanasema nini, basi akawaza wanamusema yeye. Na wengine walipoona anakaa mbali, wakaanza kunyamaza akipita. Akasema: si mimi niliwaambia? Kumbe ni yeye aliyewanyamazisha.

Kabla ya kusema ni woga, tulimupima. Nanyi mukija na moyo unaopiga, mukubali tuwapime, kwa sababu moyo unapiga kwa mambo mengi. Tuligeuza kope ya jicho tukiangalia kama damu imepunguka. Tulishika shingo, maana kivimbe cha shingo nacho kinaweza kufanya moyo upige na mikono itetemeke. Tulipima homa. Tulihesabu mupigo wa moyo akiwa amekaa muda: ulikuwa 88 kwa dakika. Kwa mutu mukubwa aliyetulia, kati ya 60 na 100 ni sawa. Funguo za muuguzi zilipolia katika mufuko, tukahesabu tena: 116. Hatukuzilialisha kwa kumujaribu, ni bahati tu, lakini yeye mwenyewe aliona. Akasema: “Basi si wazimu.” Hapana, si wazimu.

Tulimukataza jambo moja. Jirani alikuwa amemupa vidonge vya valiumu vya kununua sokoni, kwa kulala. Dawa hiyo inaingia kwa maziwa, inalegeza mutoto, anashindwa kuvuta. Na mutu akiizoea, kuiacha ni taabu. Usiimeze bila muganga.

Halafu tukaanza kazi yenyewe. Muuguzi alimupa kaye ya masomo na biki. Kila siku, jambo likimutisha kazini, aandike vitu vitatu. Kwanza: nimeona ao nimesikia nini, kwa macho na masikio tu. Pili: nimewaza nini. Tatu, hii aandike kesho yake ao kesho kutwa: imekuwa nini. Kwa mufano aliandika hivi: “Nimeona Madamu anaongea na mushoni wa pili, wakaniangalia. Nimewaza wanataka kunifukuza.” Siku mbili kisha akaongeza: “Walitafuta mutu wa kushona kola, wakanipa miye.”

Baada ya juma mbili alirudi na mambo 11. Tukayasoma pamoja. Mambo 9 hayakuwa na kitu. Moja hakuweza kujua mwisho wake. Na moja lilikuwa kweli: mufanyakazi mumoja alikuwa amemwambia Madamu kama anachelewa asubuhi. Nalisema hili waziwazi, kwa sababu kuna wauguzi wanaomwambia mama “ondoa mawazo mabaya”, kama vile kila wazo ni la bure. Mashaka yake hayakuwa ya bure yote. Shida ni kwamba yalikuwa na uzito mumoja, lile la kweli na yale 9. Kaye ilimusaidia kuyatenganisha. Juu ya kuchelewa, Madamu alikuwa amemuita pembeni, akamuuliza anakaa wapi, wakapatana saa. Kule kwa zamani, neno kama lile lingekula nusu ya mushahara. Mahali pabaya na mahali pazuri, pote watu wanakosea na pote wanasemana. Angalia kinachofuata kosa. Je, unaonyeshwa kitu chenyewe? Unaitwa pembeni ao unatukanwa mbele ya watu? Wakikata faranga, kuna karatasi? Ukiuliza, unajibiwa? Kama majibu ya hayo ni mabaya, na kaye yako inayaonyesha juma kwa juma, basi si woga wa zamani, ni kazi mbaya ya pili, na hatutakuambia uzoee.

Kisha tulipunguza kuhesabu. Kwanza mara mbili kwa siku tatu, halafu mara moja. Hiyo mara moja, aliandika hesabu kwa kaye ya ateliye na Madamu akaweka mukono jioni. Hesabu iliyoandikwa na kuwekwa mukono na watu wawili ni ulinzi wa kweli. Kuhesabu mara ya pili na ya tatu ni kulisha woga. Siku ya kwanza alipohesabu mara moja, alituambia tumbo lilimuuma mpaka saa nane. Siku ya tano lilimuuma mpaka saa ine. Inapungua namna hiyo, si kwa siku moja, na kuna siku inarudi juu bila sababu.

Mabaki ya kitambaa aliyarudisha katika depo. Saa sita alikaa na wengine, akaanza na muhogo wake mwenyewe, kisha juma lililofuata akachovya katika sombe ya wote.

Kwa wakati funguo zinalia, tulimufundisha kupumua. Miguu miwili chini, bega zishuke. Vuta hewa ukihesabu mpaka tatu, itoe ukihesabu mpaka sita. Fanya mara kumi. Ni kule kutoa kwa urefu ambako kunapunguza mbio ya moyo. Alifanya vile vile kabla ya kuweka mutoto kwa ziwa, akiangalia ukuta, mulango ukiwa nyuma yake.

Neno kwa Madamu lilikuwa gumu zaidi. Alitaka kueleza yote ya miaka mitatu. Tukamushauri aseme kifupi, kwa sababu mwenye kazi si muganga wake, na maneno mengi ya zamani yangeweza kumutisha. Alijifunza kwanza mbele yetu, kisha siku ya posho, wakati wa kufunga, akasema: “Madamu, pale nilitoka, banakataka mushahara bila kuonyesha. Nikikosea, nakuomba uniite pembeni, unionyeshe kitambaa.” Madamu akamwangalia kidogo, akamujibu: “Njo maana unashitukaka? Miye nilizani unanichukia.”

Siku ile ile akaomba na jambo lingine, ambalo mungejua wote. Sheria ya kazi ya Kongo, ya mwaka 2002, inampa mama anayenyonyesha mapumziko mawili kwa siku, kila moja nusu saa, na yanalipwa kama kazi. Hakuwahi kuyaomba, akiogopa kusikia tena neno la mikono na tumbo. Madamu alikubali. Saa ine dada yake analeta mutoto, na saa nane vile vile. Maji ya sukari tuliyaondoa, na kwa sababu mutoto ametimiza miezi sita, tulianza uji muzito wenye karanga ya kusagwa, kisha kunyonya, si mahali pa kunyonya.

Kwa binti wa makasi, hatukumwambia afanye nini. Alikwenda mwenyewe. Alimwomba musamaha pale pale alipomuitia mwizi, mbele ya watu wale wale, maana alisema kosa la mbele ya watu haliombewi gizani. Binti alinyamaza. Hakusema amesamehe. Bado wanashona mustari mumoja.

Mama, kama katika habari hii umejiona, uje siku yoyote, si lazima siku ya kupima. Lakini kuna mambo hayangoji. Kama umepita mwezi hulali hata mutoto akilala, kama huwezi kula, kama unaona kazi ya zamani mbele ya macho yako kama vile inafanyika sasa, uje juma hili. Kama unawaza kufa, ao unaogopa utamuumiza mutoto, uje leo, hata usiku, pamoja na mutu wa kukusindikiza. Na kama pale kwa zamani mukubwa alitaka mwili wako ao aliuchukua kwa nguvu, mwambie tu muuguzi “nataka kusema peke yangu”. Atafunga mulango, na hataandika neno hilo kwa karti ya mutoto.

Mama wetu amekuja tena mwezi uliopita. Kijana alikuwa na kilo 6.8, na mwezi kabla ya ule alikuwa na 6.5. Mustari unapanda. Tulimuuliza juu ya funguo. Akasema zikilia muguu wake bado unaacha mashine, inasimama. Halafu anahesabu mpaka sita, anashona tena.